Aliyeacha vidonge ghafla: uchambuzi wa kisa cha mgonjwa wa pumu aliyetumia prednisoloni kwa miezi ishirini

Kisa hiki ni cha mgonjwa aliyelazwa katika hospitali ya ngazi ya wilaya nchini Tanzania. Jina, mji, tarehe na maelezo mengine yanayoweza kumtambulisha vimeondolewa, naye aliridhia kisa chake kiandikwe kwa ajili ya kufundishia. Nilikuwa miongoni mwa waliomhudumia, kwa hiyo baadhi ya makosa yanayoelezwa hapa ni yangu.

Historia ya mgonjwa

Mgonjwa ni mama wa miaka arobaini na kitu, mama lishe, mwenye pumu tangu utotoni. Kazi yake humweka mbele ya moshi wa kuni na mkaa kuanzia alfajiri, na kifua kilikuwa kikimbana mara kwa mara. Takriban miezi ishirini kabla hatujamwona, alipata shambulio kali la pumu na kutibiwa kwa mvuke wa salbutamoli, kisha akaandikiwa vidonge vya prednisoloni vya miligramu 5, vinane kila asubuhi kwa siku tano. Matibabu hayo yalikuwa sahihi. Kozi fupi ya namna hiyo, isiyozidi wiki mbili hivi, hukoma siku yake ikifika bila kuhitaji kupunguzwa hatua kwa hatua, kwa kuwa mwili unakuwa haujapata muda wa kuizoea.

Tatizo lilianza siku ya sita. Mama huyu hakuwahi kupumua vizuri kiasi kile tangu ujana wake, na alipomaliza dozi alibaki na karatasi tupu ya vidonge. Akaenda nayo kwenye duka la dawa, akaionyesha, akauziwa vingine bila cheti cha daktari. Inhela ya kuzuia pumu alikuwa ameiulizia akaona bei haimwezi, ilhali vidonge alivimudu hata kwa pesa ya chenji. Akajipangia viwili kila asubuhi, yaani miligramu 10, na siku ambayo moshi ulizidi aliongeza hadi vitatu au vinne. Kwa miezi yote hiyo hakuna mhudumu wa afya aliyejua, wala yeye hakujiona ni mtu anayetumia dawa za muda mrefu. Machoni pake vilikuwa tu «vidonge vyangu vya kifua».

Mabadiliko ya mwili yalikuja polepole, na mwanzoni yalipokewa kama habari njema. Hamu ya kula iliongezeka, uso ukajaa na kuwa mviringo, tumbo likatoka, na majirani wakamwambia maisha yamemkubali. Lakini miguu na mikono haikunenepa pamoja na tumbo. Miezi michache baadaye alianza kushindwa kuinuka kwenye kigoda chake cha jikoni bila kushika meza, na ngozi ya mikono ikawa nyembamba, ikivilia damu kila alipojigonga kidogo. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo, kwa kuwa unene ulihesabiwa kuwa neema na unyonge wa miguu ukahesabiwa kuwa umri.

Jinsi alivyoacha

Siku moja alihudhuria upimaji wa bure wa presha na sukari mtaani kwao. Presha ilikuwa 152 kwa 96, na sukari, saa mbili baada ya kula, milimoli 13.1 kwa lita. Mhudumu aliyempima alimuuliza dawa anazotumia, akatajiwa vidonge vya kifua, na akatambua papo hapo kilichokuwa kikiendelea. Alimweleza kwamba vidonge hivyo ndivyo vinavyopandisha sukari na presha, vinavyolegeza misuli na kudhoofisha mifupa, na kwamba asiendelee kuvinunua. Kila neno katika maelezo hayo lilikuwa la kweli. Yalipungukiwa na sentensi moja tu, ya kumwambia asiviache leo bali aende hospitali akapangiwe namna ya kuviacha. Mama alirudi nyumbani na jioni ileile akavitupa vilivyobaki chooni.

Siku mbili za kwanza hakuona tofauti. Kuanzia siku ya tatu mwili ulichoka kwa namna ambayo hakuwahi kuijua, viungo vikauma, chakula kikamchukiza. Siku ya sita kichefuchefu kilianza. Siku ya saba alikwenda zahanati, kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha malaria, akaambiwa ana homa ya matumbo kwa kipimo cha Widali, akapewa vidonge vya antibayotiki na dawa ya kuzuia kutapika. Siku ya nane akaanza kuharisha. Siku ya tisa jioni aliinuka kitandani kwenda msalani akaanguka, na binti yake akamleta kwetu kwa bajaji saa nne usiku.

Usiku wa kwanza wodini

Alipopokewa alikuwa na fahamu lakini mzito wa kujibu. Presha ilikuwa 78 kwa 46, mapigo ya moyo 118 kwa dakika, joto nyuzi 37.9, na sukari milimoli 2.9. Ukumbuke kwamba siku tisa kabla mtu huyuhuyu alikuwa na sukari ya kumi na tatu. Tulimwona kama mgonjwa aliyeishiwa maji kwa kutapika na kuharisha, pengine mwenye maambukizi yaliyoingia kwenye damu, tukaanza kwa utaratibu tuliouzoea: glukosi ya mshipa, dripu ya maji ya chumvi, na sindano ya seftriaksoni. Tulipouliza kama kuna dawa yoyote anayotumia, binti alijibu kwa uhakika kwamba hakuna zaidi ya zile za zahanati.

Baada ya lita mbili za maji presha ilikuwa 84 kwa 50, na sukari iliyokuwa imepandishwa ilishuka tena hadi 3.1. Vipimo vya damu vilipotoka, sodiamu ilikuwa 126, chini ya kawaida, na potasiamu 4.1, ya kawaida. Maji yanaingia na presha haifuati. Sukari inapandishwa na inateremka. Hapo ndipo tulipopaswa kusimama na kujiuliza mwili huu umekosa nini, lakini tuliongeza chupa ya tatu.

Aliyesimama na kujiuliza ni muuguzi wa zamu. Alipotaka kubadilisha plasta iliyoshika sindano ya dripu, plasta ilinyanyuka pamoja na kipande cha ngozi, chembamba kama karatasi ya sigara. Akamtazama mama usoni kwa muda, kisha akamgeukia binti: «Mama yako siku zote yuko hivi usoni?» Binti akatoa simu na kuonyesha picha ya harusi ya miaka mitatu iliyopita. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa na mashavu yaliyobonyea kidogo na shingo ndefu, na kama usingeambiwa usingejua ni yeye. Muuguzi hakurudia swali la dawa anazotumia. Akainama akamuuliza mgonjwa mwenyewe, «Mama, kuna dawa gani umeiacha siku za karibuni?» Jibu lilikuja kwa sauti ya chini lakini bila kusita: vidonge vya kifua, wiki iliyopita, aliambiwa ni vibaya.

Saa saba na nusu usiku alichomwa haidrokotisoni, dawa ya jamii moja na prednisoloni, miligramu 100 kwenye mshipa. Dawa hiyo ilikuwa kabatini, hatua chache kutoka kitandani kwake, kwa kuwa wodi huiweka kwa ajili ya mashambulio ya pumu. Laiti angekuja akikoroma kifua, angeipata ndani ya dakika kumi za kupokewa. Saa kumi na moja alfajiri presha ilikuwa 104 kwa 66, sukari 6.0 bila kuongezewa glukosi, naye aliomba chai.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mzito wa usiku ule ulikuwa kuchoma haidrokotisoni bila uthibitisho wa maabara. Kipimo cha kotisoli hakifanyiki hospitalini kwetu, na hata kingefanyika, majibu yangechukua saa ambazo mgonjwa hakuwa nazo. Dozi moja ya miligramu 100 haina madhara ya kutajika kwa mtu ambaye hakuihitaji, na kwa anayeihitaji ndiyo inayomtoa kaburini. Mizani ikiwa hivyo, anayesubiri kipimo ndiye mwenye kujieleza. Baada ya dozi ya kwanza aliendelea na miligramu 50 kila baada ya saa sita kwa siku nzima, kisha tukahamia kwenye vidonge alipoweza kula bila kutapika.

Uamuzi wa pili ulimshangaza mgonjwa na familia yake, nao ni kumrudishia vidonge vilevile alivyoonywa kuwa ni vibaya. Ilibidi tukae naye tumweleze. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, adrenali, inayotengeneza homoni iitwayo kotisoli. Homoni hiyo hushikilia presha, huzuia sukari isianguke kati ya mlo na mlo, na huongezeka mara kadhaa mtu anapoumwa, anapoumia au anapopasuliwa. Tezi hizo hazifanyi kazi bila kuagizwa. Agizo hutoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo kabla ya kuagiza hupima kiasi cha homoni kilichomo kwenye damu. Prednisoloni ni ndugu wa kotisoli aliyetengenezwa kiwandani, mwenye nguvu takriban mara nne ya ndugu yake. Mwili wa mtu mzima hutengeneza kwa siku kotisoli inayolingana na takriban miligramu 5 za prednisoloni. Mama huyu alikuwa akimeza 10 na zaidi. Pituitari ilikuta damu imejaa, ikanyamaza, na tezi zisizoagizwa zikasinyaa.

Yeye mwenyewe alilielewa jambo hili kwa lugha ya kazi yake kuliko tulivyomwelewesha sisi. «Kumbe ni kama jiko,» alisema. «Umeletewa chakula cha kununua mwaka mzima, jiko lako limelala, siku mleta chakula asipokuja unakuta hata kuni huna.» Nimelitumia jibu hilo kwa wagonjwa wengine tangu siku ile, na sijapata bora zaidi.

Uamuzi wa tatu ulihusu pumu yenyewe. Ingekuwa kazi bure kupunguza vidonge huku kifua kikiendelea kubana, maana angerudi dukani. Alianzishiwa inhela ya beklometasoni, ile ya kahawia, mikrogramu 200 asubuhi na jioni, akafundishwa kuivuta kupitia chupa ya plastiki iliyotobolewa na kusukutua mdomo baada ya kuvuta ili asiote utando mweupe wa fangasi. Hiyo nayo ni steroidi kama prednisoloni, lakini kwa kiwango hicho inayofika kwenye damu ni kidogo mno. Binti alikubali kuchangia gharama, na mahali pa kupikia palihamishiwa upande wenye upepo.

Kosa letu la kadi

Aliruhusiwa siku ya nne akiwa na prednisoloni miligramu 10 kila asubuhi baada ya kula. Kwenye kadi yake niliandika kwa mkono wangu: «ipunguzwe polepole». Nililiona ni agizo kamili.

Wiki tatu baadaye alirudi akiwa amechoka, anaumwa viungo, presha 98 kwa 60. Hakuwa hatarini, lakini alikuwa njiani kuelekea kulekule. Tulipomuuliza anavyomeza, alisema anapunguza polepole kama alivyoambiwa: akiamka vizuri anameza kimoja, akiamka vibaya anameza viwili, na siku aliyojisikia mzima kabisa hakumeza. Alikuwa ametii kila neno nililoandika. Neno «polepole» halina tarehe wala idadi, na yeye alilijaza kwa kipimo pekee alichokuwa nacho, yaani jinsi anavyojisikia. Sasa, mtu anayetegemea prednisoloni hujisikia vizuri kwa sababu ya kidonge cha jana, kwa hiyo kila siku aliyojisikia mzima ilikuwa ndiyo siku mbaya zaidi ya kuruka.

Tulianza upya kwa kalenda ya ukutani. Muuguzi yuleyule alichora ndani ya kila tarehe vidonge vya siku hiyo kwa duara: maduara mawili, moja, au nusu. Mgonjwa aliweka alama ya mkasi kila alipomeza. Mpango ulikuwa huu: wiki nne za miligramu 10 kila siku mpaka inhela ishike kifua, kisha wiki nne za vidonge viwili siku moja na kimoja siku inayofuata, ambayo kwa wastani ni miligramu 7.5, kisha miligramu 5 kila siku, na hapo tusishuke mpaka tupate kipimo cha kotisoli. Tulichagua kupishanisha siku kwa sababu ya jambo dogo ambalo mipango mingi ya vitabuni hudhani limekwisha tatuliwa. Huko kwingine kuna vidonge vya miligramu 1, na mtu hushuka kimoja kimoja. Katika maduka ya mji wetu kuna vya 5 tu, na vile alivyopata havikuwa na mstari wa kukatia, kwa hiyo kila alipovigawa kwa wembe nusu moja ilikuwa unga.

Kasi nayo haikuwa ya kubahatisha. Mtu aliye kwenye miligramu 40 anaweza kushuka 5 au 10 kila wiki bila shida, maana hata akishuka bado yuko juu sana ya mahitaji ya mwili. Kinachoangaliwa katika eneo hilo ni kama ugonjwa wenyewe unarudi. Ugumu uko chini ya 10, na zaidi chini ya 5. Kuanzia hapo kila unachoondoa lazima tezi ikitengeneze yenyewe, na tezi iliyosinyaa huamka kwa wiki na miezi, pengine zaidi ya mwaka. Ndiyo maana safari yenye miligramu chache kuliko zote ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote.

Matokeo

Kipimo cha kwanza cha kotisoli kilifanyika mjini, kwenye maabara yenye uwezo, mwisho wa wiki nane za miligramu 5. Damu ilichukuliwa saa mbili asubuhi, wakati ambao kotisoli ya mwili huwa juu, na kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo, kwa kuwa prednisoloni iliyomezwa inaweza kusomwa na mashine kama kotisoli na kuleta jibu la uongo la kutia moyo. Jibu lilikuwa nanomoli 118 kwa lita. Chini ya 150 maana yake tezi bado zimelala. Ikizidi 300 mgonjwa anaweza kuacha. Katikati ya hapo anaendelea na kupimwa tena. Alibaki kwenye miligramu 5 kwa wiki nane nyingine.

Katika kipindi hicho alipata malaria ya kweli, iliyothibitishwa. Hapa familia ilifanya jambo ambalo tulikuwa tumewaandikia nyuma ya kalenda: homa ikipanda, dozi inazidishwa mara mbili kwa siku za homa, kwake siku tatu, kisha inarudi ilipokuwa, na akitapika vidonge, habaki nyumbani bali anakuja kuchomwa sindano. Alimeza vidonge viwili badala ya kimoja pamoja na dawa ya malaria, na hakulazwa.

Baada ya hapo alishuka kwa wiki nne akipishanisha kidonge kimoja siku moja na nusu kidonge siku inayofuata, kisha wiki nne za nusu kila siku. Nusu hizo alizikata muuguzi kliniki kwa kikatio cha vidonge. Kotisoli ya pili ilikuwa 341. Aliacha vidonge karibu miezi minane baada ya kutoka wodini, akiwa na kadi ndogo kwenye pochi inayosema amewahi kutumia steroidi kwa muda mrefu, na kwamba akipata ugonjwa mkali au upasuaji ndani ya mwaka mmoja achomwe haidrokotisoni bila kusubiri.

Madhara mengine yaliondoka, mengine hayakuondoka. Uso ulirudi karibu na ule wa kwenye picha, presha ilishuka bila dawa, sukari ya asubuhi kabla ya kula ikawa 6.2, ambayo bado inafuatiliwa. Nguvu ya mapaja ilichukua muda mrefu zaidi, na kipimo alichokiamini yeye ni kigoda chake: mwezi wa sita aliinuka bila kushika meza. Lakini daktari wa macho alikuta mtoto wa jicho ameanza nyuma ya lenzi za macho yote mawili, mahali ambapo mtoto wa jicho wa steroidi hupenda kukaa, na huyo hasafishwi kwa kuacha vidonge. Mifupa hatukuweza kuipima. Anatumia kalisi na vitamini D, na tunachukulia kwamba imepoteza kitu.

Uchambuzi

Swali lililookoa maisha lilikuwa «umeacha nini», na ni vizuri kueleza kwa nini lile la kawaida lilishindwa. Tuliuliza anatumia dawa gani, tukapata jibu la kweli kwamba hatumii. Ugonjwa wa kuacha dawa una tabia hii mbaya, kwamba chanzo chake hakipo tena mtu anapofika hospitali. Hakiko mfukoni, hakiko kwenye cheti, na mgonjwa mwenyewe anakihesabu kama tatizo lililokwisha. Kwa mwenye steroidi kinachobaki ni mwili wenyewe: uso, ngozi, tumbo kubwa juu ya miguu myembamba. Ishara hizo zote zilikuwepo saa nne usiku. Sisi tulitazama namba na muuguzi akamtazama mtu, na tofauti hiyo iligharimu saa tatu na nusu.

Nadhani pia tulipotezwa na potasiamu. Wengi wetu tulifundishwa kwamba tezi za adrenali zikishindwa potasiamu hupanda na ngozi huwa nyeusi kwenye mikunjo ya viganja na ufizi. Hiyo ni sura ya ugonjwa wa Adisoni, ambapo tezi zenyewe zimeharibika, kwa mfano kwa kifua kikuu. Kwa aliyeacha prednisoloni tezi ni nzima ila hazijaagizwa, na homoni inayodhibiti potasiamu, aldosteroni, huagizwa kwa njia nyingine inayoanzia kwenye figo, ambayo haikuguswa. Kwa hiyo potasiamu hubaki ya kawaida na ngozi haigeuki rangi. Mwenye kusubiri ishara hizo mbili ndipo aamini, atasubiri mpaka kwenye cheti cha kifo. Kinachopaswa kumshtua ni presha isiyoinuka kwa maji pamoja na sukari inayoshuka kwa mtu asiyetumia dawa za kisukari.

Kwa uadilifu ni lazima nikiri udhaifu wa hoja yetu. Hatukuhifadhi damu ya kotisoli kabla ya sindano, ingawa kuchukua chupa moja kusingechelewesha chochote, na ingeweza kupelekwa mjini baadaye. Mgonjwa alikuwa pia anaharisha na ana joto, na wagonjwa wa maambukizi makali wapo ambao presha yao huinuka kwa haidrokotisoni hata kama tezi zao ni nzima. Kinachonipa imani na utambuzi wetu ni ile 118 ya miezi minne baadaye: ikiwa tezi zilikuwa bado zimelala wakati huo, basi usiku ule zilikuwa zimelala zaidi. Inawezekana kabisa kwamba mambo mawili yalikutana, na hilo ndilo la kawaida. Kuacha vidonge kulimwacha bila akiba, na ugonjwa wa tumbo, ambao mwili mzima ungeuvumilia kwa kuongeza kotisoli, ukamkuta hana cha kuongeza.

Kuhusu mhudumu wa upimaji wa mtaani, nimesikia wenzangu wakimlaumu, nami sikubaliani nao. Ndiye mtu wa kwanza katika miezi ishirini kugundua tatizo. Kosa lake ni dogo kuliko la kadi yangu, maana yeye alizungumza na mtu kwa dakika tano akiwa na foleni nyuma yake, nami nilikuwa na siku nne wodini na bado niliandika maneno mawili yasiyo na namba. Na muuzaji wa duka la dawa? Prednisoloni ni dawa ya cheti, na hakupaswa kuiuza kwa karatasi tupu. Lakini tukumbuke alichokuwa anaulizwa: mteja anayefahamika, mwenye pumu, anayetaka dawa ambayo hospitali ilimpa, huku inhela ya kahawia haipo kwenye rafu.

Fomu yetu ya kupokea wagonjwa sasa ina mstari uliochapwa chini ya ule wa dawa zinazotumika: «Dawa iliyoachwa ndani ya miezi kumi na miwili, na siku iliyoachwa». Kalenda zinachorwa kliniki kwa kila anayetoka na prednisoloni ya zaidi ya wiki tatu. Mstari ule wa fomu mara nyingi hurudi ukiwa na kistari tu, na zamu za usiku ndizo zinazouruka zaidi.